Nunda Aimbwe kwa Lugha Gani?

Mwaka 1901, mjini Chicago, kilichapishwa kitabu cha hadithi za watoto kiitwacho Zanzibar Tales. Mfasiri wake, George W. Bateman, alieleza katika dibaji kwamba hadithi hizo alisimuliwa Unguja na watu waliozipokea kwa wazee wao, nao wazee kwa wazee wao. Mtoto wa Kimarekani aliyekifungua alikutana na Soongoora, Keema, Bookoo na Kobay. Mwana wa pwani akiyasoma majina hayo kwa sauti anawatambua mara moja: ni sungura, kima, buku na kobe.

Miaka 31 kabla yake, Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye kuwa askofu, alichapisha London mkusanyo ulioitwa Swahili Tales. Hadithi kadhaa ni zilezile. Tofauti ni kwamba kitabu cha Steere kiliweka Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, kwa ajili ya watu wazima waliotaka kujifunza lugha, na Bateman aliandika Kiingereza kitupu kwa ajili ya watoto. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua nini kiyapate majina na nyimbo. Ndiyo pia inayoonyesha kwa nini dibaji ya mfasiri wa hadithi za watoto ina deni la kusema waziwazi alivyofanya.

Tuanze na majina, kwa kuwa mtoto hukutana nayo kwanza.

Katika hadithi zetu mnyama hana jina la kubatizwa. Sungura anaitwa sungura. Neno hilo moja linataja aina yake na papo hapo linamtaja yeye, yule mjanja tunayemfahamu sote. Tukisema sungura alikwenda kwa buku wakatafute asali, hatuulizi ni sungura gani. Kiingereza hakikubali nomino ya namna hiyo isimame peke yake. Lazima mfasiri aseme kama ni sungura fulani asiyejulikana, au yule anayejulikana, au aandike kwa herufi kubwa na kumfanya mtu. Kila njia inaleta hadithi nyingine kidogo. Bateman alichagua kulibakisha neno la Kiswahili kama jina la mtu, kisha kulifuatishia maelezo ya Kiingereza kwamba huyu ni mnyama fulani. Akafanya hivyo kwa simba, fisi, kima, papa, kunguru, mwewe na hata punda wa dobi.

Mimi naona uamuzi ule ulikuwa mzuri kwa msomaji mdogo. Mtoto alipata mnyama na alipata sauti ya jina lake kwa lugha ya wenyewe, bila kulazimika kwenda mwisho wa kitabu kutafuta maelezo. Lakini una gharama, na gharama hiyo inaonekana mtu akisoma kitabu kizima. Katika hadithi ya asali mjanja wetu ni Soongoora. Katika hadithi nyingine, ile ya simba na fisi walioamua kulima shamba pamoja na mwenzao, mjanja ni Keeteetee. Sisi tunajua kwamba kititi na sungura ni watu wa ukoo mmoja, na hila zao ni zilezile. Mtoto wa Chicago hakuwa na njia ya kulijua hilo. Kwake walikuwa wahusika wawili wasiojuana, kwa sababu jina la aina lilikwisha kugeuzwa jina la mtu, na majina mawili ya watu hayawezi kuwa mtu mmoja. Sentensi moja ya dibaji ingetosha kuwaunganisha.

Kuna pia suala la herufi. Bateman aliandika oo mahali pa u, ee mahali pa i, na ay mahali pa e ya mwisho, ili mtoto anayesoma Kiingereza atamke karibu na sahihi. Hiyo ni hesabu halali: mzazi anayesoma kwa sauti kitandani asikwame. Hatari yake huonekana pale hadithi inapotaka kurudi nyumbani. Hadithi mojawapo inamhusu mtoto wa mwisho wa Sultani Majinuni, na Bateman aliipa jina la kijana huyo, akaliandika Mkaaah Jeechonee. Ukifuata kanuni yake herufi kwa herufi unapata Mkaa Jichoni, na hapo Mswahili anasita. Anakaaje mtu jichoni? Ukiijua hadithi unaelewa zaidi: kijana huyu alidharauliwa na baba yake kwa kuwa alishinda ndani na wanawake badala ya kutoka na kaka zake. Basi jina linaloleta maana ni Mkaa Jikoni. Hata hivyo kitabu chenyewe hakikupi hakika. Herufi zimekwisha kuifunika. Ndiyo maana mfasiri wa leo, hata akiandika jina kwa namna ya kumfaa msomaji wa kigeni, anapaswa kuliweka mara moja katika dibaji kwa tahajia ya lugha lilikotoka.

Jina hilo la Mkaa Jikoni linatuonyesha kundi la pili la majina, ambalo si la wanyama. Haya ni majina yanayofanya kazi ndani ya kisa. Anayedharauliwa kwa kukaa jikoni ndiye atakayeua mnyama aliyewashinda wote. Mtoto asipolielewa jina, hauoni mgeuko huo. Kwa majina ya namna hii, kubakiza sauti peke yake ni kumnyima msomaji nusu ya hadithi, na kutafsiri maana peke yake kunamfanya kijana awe maelezo badala ya mtu. Njia ninayoipenda ni kulieleza jina ndani ya masimulizi mara linapotokea kwa mara ya kwanza, kwa sentensi ya kawaida kama msimulizi mwenyewe angefanya, kisha kuliacha litembee peke yake mpaka mwisho.

Kundi la tatu ni gumu kuliko yote: jina linalobadilika. Wapo wanaokumbuka kisa cha maskini aliyekuwa akipekua jaani kutafuta punje za mtama, akanunua paa, na paa akamwinua hadi kuwa sultani. Maskini huyo ni Hamdani. Paa ndiye anayekwenda kwa sultani wa mji mwingine na kudai kwamba bwana wake ni Sultani Darai, na uongo huo unageuka kweli kwa kitambo. Bwana anapomtupa paa aliyemfadhili, paa anakufa, na utajiri wote unayeyuka. Mtu anajikuta tena jaani. Sasa tazama: Steere aliiita hadithi hiyo Sultani Darai. Bateman aliiita Haamdaanee. Mmoja ameipa hadithi jina la uongo uliofanikiwa, mwingine amelitaja jina ambalo mtu huyo hakuweza kulikimbia. Hakuna aliyekosea, lakini kila kichwa kinamwelekeza mtoto kumtazama mtu yuleyule kwa jicho tofauti kabla hajasoma neno la kwanza. Mfasiri akichagua kichwa cha hadithi kama hii amekwisha kutoa fasiri, na mahali pa kukiri hivyo ni dibaji.

Majina ya vitu nayo yana mambo yake, ila hapo nitapita upesi. Katika hadithi ya Mwalimu Goso, aliyeuawa na buyu lililoangushwa na paa, wanafunzi wanamsaka muuaji. Wanaanza na kusi, ambaye anajitetea kwamba angekuwa na nguvu asingezuiwa na kiambaza. Kiambaza naye anasema angekuwa na nguvu asingetobolewa na panya, na mnyororo unaendelea. Bateman aliufananisha na hadithi maarufu ya Kiingereza ya nyumba aliyoijenga Jack, na mfano huo unasaidia. Lakini kusi kwetu si upepo wowote utokao kusini. Ni msimu mzima, kuanzia karibu na Aprili hadi kuelekea Oktoba, wenye baridi yake na mawimbi yake, na vyombo vya tanga vilipanga safari kwa kuufuata. Mtoto wa pwani anayesikia kwamba kusi amekamatwa na kupigwa anashangaa na kucheka. Mtoto wa ng'ambo anasikia tu upepo. Maneno machache ya maelezo yanarudisha kicheko hicho.

Sasa nyimbo, na hapa ndipo nataka tukae.

Steere alilizungumzia jambo hili katika dibaji yake, na kwa maoni yangu zile ni kurasa bora kabisa za kitabu. Alieleza kwamba hadithi za watu wa kawaida karibu zote zilikuwa na vipande vya kuimbwa, ambavyo wasikilizaji wote walivipokea kwa pamoja. Akaona kwamba mara nyingi mifupa ya hadithi imo ndani ya nyimbo hizo, na msimulizi hujaza maelezo ya katikati kwa maneno yake mwenyewe ya wakati ule. Akaongeza kwamba baadhi ya nyimbo, hata waliokuwa wakiziimba hawakuweza kueleza vizuri maana yake, na kwamba alisikia hadithi ambazo nyimbo zake zilikuwa kwa Kiyao na Kinyamwezi.

Hilo la mwisho halishangazi ukiukumbuka mji wa Unguja wa miaka ile ya 1860. Walikuwepo watu walioletwa kwa nguvu kutoka pande za Ziwa Nyasa, na Wanyamwezi waliofika pwani kwa misafara ya pembe za ndovu. Bibi mmoja anasimulia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ya nyumba, lakini wimbo unatoka na lugha ya mama yake, kwa sababu wimbo haukukubali kuhama. Watoto wanaupokea bila kujua neno hata moja. Wanajua wakati wa kuitikia, wanajua sauti inapopanda, wanajua kwamba ukiimbwa huo basi jambo fulani linakaribia kutokea.

Ukiyachukua maelezo hayo kwa uzito, unapata kanuni ambayo mfasiri wa hadithi za watoto anaweza kuifanyia kazi. Kabla ya kutafsiri wimbo, jiulize wasikilizaji wa kwanza waliuelewa kwa maneno au kwa sauti. Kama hata wao hawakuyaelewa maneno, kuyatafsiri ni kumpa mtoto wa leo kitu ambacho hakikuwamo. Wimbo wa Kiyao ndani ya hadithi ya Kiswahili ubaki Kiyao ndani ya hadithi ya Kifaransa au ya Kichina, na dibaji iseme kwamba hata Unguja ulikuwa mgeni. Kama waliyaelewa, na kisa kinategemea kueleweka huko, hapo mfasiri hana budi kutafuta maneno mapya yatakayoimbika.

Hadithi ya Sultani Majinuni ni mfano wa aina hii ya pili. Paka wa sultani anaanza kwa kula ndama, kisha mifugo mingine, kisha watu, na kila mara sultani anakataa kumuua kwa kuwa paka ni wake na alivyokula ni vyake. Paka anatoka mjini na kuwa nunda mla watu. Anapowaua hata wana wa sultani, Mkaa Jikoni anaapa kumtafuta. Tatizo ni kwamba hajui nunda anafananaje. Anaua mbwa, anamleta kwa mama yake akiimba kwamba amemuua nunda. Mama anajibu kwa wimbo kwamba siye. Anarudi porini. Safari hadi safari mnyama anazidi kuwa mkubwa: punda milia, twiga, kifaru, hata ndovu. Na kila mara mama anamjibu kwamba siye, mpaka siku anapompata nunda mwenyewe.

Steere alikuwa sahihi kuhusu mifupa. Toa masimulizi yote, bakiza maswali na majibu hayo ya kuimbwa, na bado unayo hadithi. Toa nyimbo, bakiza masimulizi, na unabaki na orodha ya wanyama waliouawa. Ndiyo sababu mhariri anayesema wimbo huu unajirudia mno, tuuchape mara moja tu kisha tuandike kwamba akaimba tena kama kwanza, anavunja kitu asichokiona. Mtoto anayesikiliza anasubiri zamu yake. Safari ya tatu tayari anaimba pamoja na mama wa hadithi. Safari ya tano anakataa kwa sauti kubwa kabla ya msomaji kufika kwenye mstari. Wimbo uchapwe kila mahali ulipoimbwa, hata kama karatasi itaongezeka.

Ugumu wa kutafsiri wenyewe upo kwenye mizani na mkazo. Chukua jina la mnyama peke yake: nu-nda-m-la-wa-tu. Ni silabi sita, kwa kuwa ile m ya mla inasimama kama silabi kamili, na mkazo unatua vizuri karibu na mwisho wa kila neno. Andrew Lang alipoiingiza hadithi hii katika mojawapo ya mikusanyo yake ya watoto mwaka 1901, kichwa chake cha Kiingereza kilibakiza Nunda kama jina na kutafsiri mla watu. Maana imefika, lakini silabi zimekuwa nane, na mapigo yameangukia mahali pengine. Katika kichwa cha hadithi haina neno. Katika kiitikio ambacho watoto thelathini wanakipiga makofi, silabi mbili za ziada zinalivunja kofi.

Nitatunga kibwagizo kidogo ili jambo lionekane. Tuseme ndege wanamtafuta aliyekula mbegu:

Kunguru, kunguru,
nani kala mbegu?

Na kunguru anajibu:

Si mimi, si mimi,
muulize kobe.

Kila mstari una mizani sita. Wakifika kwa kobe naye akamsukumia sungura, mwimbaji wa Kiswahili hana shida: anasema mwulize sungura. Kobe ana silabi mbili na sungura ana tatu, lakini muulize imejikunja ikawa mwulize, na mstari umebaki na sita. Mtoto wa miaka sita hufanya hivyo bila kufundishwa. Lugha yetu ina nafasi hizi za kubana na kuachia: kala badala ya amekula, mwulize badala ya muulize. Mfasiri anayekwenda lugha nyingine lazima atafute nafasi kama hizo huko, nazo hazitakuwa palepale. Kwa Kiingereza kunguru ana silabi moja tu. Kwa hiyo mstari wa kwanza unabaki na mashimo manne, na mfasiri atayajaza kwa rangi ya ndege, au kwa mlio wake, au kwa kurudia jina mara nyingi zaidi. Ningechagua kurudia. Kurudia hakumletei mtoto habari mpya, na kunampa nafasi ya kuimba.

Anayetafsiri kuja Kiswahili anakutana na shida kinyume chake. Nyimbo za watoto za Kiingereza zimejaa maneno ya silabi moja, na mstari wao mfupi wa maneno sita unaweza kuhitaji silabi kumi na mbili au zaidi kwetu. Akibana maana yote ndani, watoto watakimbizana na maneno. Njia iliyo salama ni kuacha baadhi ya maana ishuke kwenye masimulizi kabla ya wimbo, na kuupa wimbo lile moja ambalo lazima liimbwe. Na vina havitoshi peke yake. Vina vyetu huanguka kwenye silabi ya mwisho isiyo na mkazo, vya Kiingereza hupenda kuanguka penye mkazo. Shairi lililopangwa vizuri kwa macho linaweza kukataa kuimbika. Namna ya kulijua ni moja tu: wape watoto waimbe mara tatu bila karatasi. Neno wanalolibadilisha kila mara ndilo lenye kasoro, na mara nyingi neno walilolibadilisha kuwa ndilo bora kuliko la mfasiri.

Kurasa mbili za Steere zilikuwa na fadhila ambayo Kiingereza kitupu hakina. Upande wa Kiingereza ungeweza kutoa maana tu, bila kujifanya wimbo, kwa kuwa wimbo wenyewe ulikuwa umekaa pembeni yake, mzima. Kitabu cha watoto cha lugha moja hakina pembeni. Lakini si lazima kiwe na Kiswahili chote. Kinaweza kubakiza wimbo wa asili mahali pake ndani ya hadithi, na tafsiri ndogo chini yake, au kinyume. Mimi ningeweka wa asili juu. Mtoto asiyejua Kiswahili anaweza kuliimba neno nunda kama vile mtoto wa Unguja alivyoliimba neno la Kinyamwezi, na irabu zetu tano zisizobadilika humrahisishia kazi.

Kinachobaki ni lahani. Maandishi yanatupa maneno ya Mkaa Jikoni na mama yake, si sauti waliyoyaimbia. Anayechapa hadithi hii leo atalazimika kuipata lahani kwa mzee anayeikumbuka, au kuazima ya wimbo mwingine wa watoto wenye mizani ileile, au kutunga mpya. Zote tatu zinaruhusiwa, lakini hazilingani, na dibaji iseme ni ipi iliyotumika. Kama imetoka kwa mtu, itaje ilisikika sehemu gani na kwa lahaja gani, kwa sababu wimbo wa Mrima na wa Pemba huweza kuwa na maneno yaleyale na mwendo tofauti. Kama imetungwa, mtungaji aseme hivyo, ili bibi atakayekisoma kitabu na kujua ile ya zamani asidhani kwamba amesahau, bali aimbe ya kwake.